Gauni moja, makosa matatu: Shifoni, oganza na dantele kwenye meza za mafundi wa Bunia

Ijumaa jioni, katika chumba cha ushonaji hatua chache kutoka Soko Kuu la Bunia, binti amesimama juu ya kigoda na gauni la usimamizi wa harusi mwilini. Harusi ni kesho. Fundi, mama wa makamo, amepiga magoti na pini tatu kati ya midomo. Hasemi kitu, na si kwa sababu ya pini.

Sketi ya shifoni, iliyopimwa sawasawa na kukatwa siku mbili zilizopita, sasa inaning'inia chini kwa vidole viwili katika sehemu nne, na juu mahali pengine. Kwenye kwapa, pale mkono wa oganza ulipoungwa na kifua, nyuzi zimesogea na kuacha mstari wa vitundu, ingawa hakuna uzi hata mmoja uliokatika. Begani, kitanzi cha uzi kimechomoka kwenye dantele na kuyavuta maua mawili mpaka yakakaribiana.

Mama wa binti anasema kitambaa ni feki. Fundi naye anasema ni feki. Mfanyabiashara aliyekiuza, akipigiwa simu, anasema alitoa kitambaa kizima, na kilichokwisha kukatwa hakirudi dukani.

Ukiwasikiliza wote watatu utadhani wanakubaliana, kwa kuwa kila mmoja anamtaja mtu ambaye hayupo chumbani, yaani kiwanda. Lakini makosa ya gauni lile yana sababu tatu tofauti, na kila sababu inaonekana kwa macho ukijua pa kutazama. Hakuna hata moja iliyotoka kiwandani.

Vitambaa vitatu, tabia tatu

Bunia haifumi vitambaa hivi. Huletwa na wafanyabiashara wanaokwenda kununua Kampala na kurudi kwa njia ya Mahagi au Aru, au kuvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi na Tchomia. Barabara za Ituri zinajulikana. Mvua inaziharibu, na usalama ulikuwa mbaya kiasi kwamba Mei 2021 mkoa uliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Kwa hiyo kitambaa kikifika sokoni kimekwisha kuwa ghali, na kikiharibika siku mbili kabla ya harusi, mara nyingi hakipatikani kingine cha rangi ileile.

Familia nyingi hapa hufunga ndoa kwa hatua tatu: dote kwa wazazi, kisha serikalini, kisha kanisani. Kitenge kinatosha katika hatua ya kwanza na mara nyingi ya pili. Ni kanisani ndipo vitambaa vyepesi vinapotawala, na fundi aliyezoea kitenge wiki nzima hujikuta Alhamisi jioni mbele ya kitu chenye tabia nyingine kabisa.

Shifoni hufumwa kwa nyuzi nyembamba zilizosokotwa sana, moja ikisokotwa kulia na jirani yake kushoto. Msokoto huo ndio unaoifanya iwe laini na yenye kucheza mwilini, na ndio unaoifanya isitulie mezani. Kila uzi unataka kujirudi, kwa hiyo kitambaa hujikunja na kuhama hata ukikigusa kidogo tu.

Oganza ni kinyume chake. Ni ngumu, inasimama, na mikunjo yake haitoki kirahisi. Nyuzi zake ni laini kama kioo na zimeachana, hivyo hazishikani vizuri zenyewe kwa zenyewe. Ukiivuta kwenye mshono, uzi haukatiki bali unateleza kando.

Dantele, ambayo Waswahili wa pwani wanaiita lesi, mara nyingi si mfumo wa mtande na mshindio hata kidogo. Ile ya harusi huwa ni wavu mwembamba uliotiwa maua kwa uzi. Haifumuki ukiikata, jambo zuri sana, lakini kila tundu la wavu ni mtego wa kucha, pete, zipu ya mkoba na mbao ya meza. Zile nzito zenye nakshi za mashine, zinazouzwa kwa vipande vya yadi 5, zina historia ndefu ya biashara na Afrika. Viwanda vya Lustenau nchini Austria na vya St. Gallen nchini Uswisi vimekuwa vikiviuza Nigeria tangu miaka ya 1960, na umbo hilo la biashara limeigwa baadaye na viwanda vya Asia vinavyolisha masoko yetu.

Kosa la kwanza lilifanyika mezani

Tuanze na sketi. Ilikatwa mduara kamili, mtindo unaopendwa kwa sababu hufunguka vizuri wakati wa kucheza. Katika mduara, mahali pengine kitambaa kinaning'inia kwa kufuata uzi ulionyooka, na mahali penginepo kinaning'inia kwa mshazari, katikati ya mtande na mshindio. Mshazari hunyooka kwa uzito wake wenyewe. Mduara mzima una sehemu nne za namna hiyo, na ndizo zilezile nne zilizoshuka kwa vidole viwili.

Kwa hiyo mama fundi hakukosea kupima. Alikosea kupinda upindo siku ileile aliyokata. Sketi ya shifoni ya mduara inatakiwa iungwe kiunoni, itundikwe, na iachwe usiku na mchana mzima angalau, kabla ya mtu kugusa upindo. Kisha binti anaivaa na viatu vyake vya harusi, na fundi anapima kutoka sakafuni kwenda juu kwa rula iliyosimama, akiweka pini kila baada ya upana wa kiganja. Ukipima kutoka kiunoni kushuka chini utarudia kosa lilelile, kwa sababu kiuno hakijui mshazari umeshuka wapi.

Hilo lilikuwa nusu ya tatizo. Nusu ya pili ilikuwa namna ya kukata. Shifoni ilikunjwa mara mbili, patroni ikabandikwa kwa pini, mkasi ukapita. Tabaka la chini lilikuwa limekwisha kuhama, na hakuna aliyeliona.

> Mshazari hunyooka kwa uzito wake wenyewe. Anayepinda upindo siku aliyokata anapinda kitu ambacho bado kinatembea.

Mafundi wenye uzoefu hukata shifoni tabaka moja, si mawili. Hutandika karatasi mezani, wakalaza kitambaa juu yake bila kukivuta, kisha wakaweka karatasi nyingine iliyochorwa patroni. Wanakata vyote vitatu kwa pamoja. Karatasi ndiyo inayoshikilia kitambaa kisikimbie. Badala ya pini katikati ya kitambaa, huweka vitu vizito juu, na pini chache nyembamba hukaa ndani ya sehemu ya mshono tu, ambako tundu halitaonekana.

Kabla ya hapo kuna kazi ndogo ambayo wengi huiruka. Karibu na ncha iliyokatwa dukani, chomoa uzi mmoja wa mshindio polepole kutoka ukingo hadi ukingo. Utaacha mstari mwembamba mtupu. Kata kwa kuufuata, na sasa unao upande mmoja ulionyooka kweli, wa kulinganisha na pembe ya meza. Bila huo unakisia, na kitambaa kinachometameta hakikisiki.

Mkasi nao ujaribiwe. Kata kipande cha soksi nyembamba ya nailoni kwa ncha ya mkasi. Ukiona unatafuna badala ya kukata, usiupeleke kwenye shifoni. Na mkasi uliokata karatasi wiki nzima haufai isipokuwa umenolewa, jambo ambalo linafanya ushauri wa kukata kitambaa pamoja na karatasi uwe na gharama yake. Fundi mwenye mikasi miwili atenge mmoja kwa kazi hii.

Wanga wa muhogo

Kuna njia nyingine, na hapa Ituri, ambako unga wa muhogo hauko mbali na jiko lolote, inashangaza kuwa haitumiki zaidi. Shifoni isiyotulia inaweza kutiwa wanga ikawa ngumu kama karatasi, ikakatwa na kushonwa, kisha wanga ukaoshwa.

Koroga kijiko kimoja cha chakula cha wanga safi wa muhogo katika maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe. Mimina maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka uji ugeuke kutoka weupe na kuwa wa kupenyeka kwa mwanga, kisha ongeza maji ufikie lita moja. Uache upoe, uchuje kwa kitambaa, uchovye shifoni, uikamue kwa kuibana tu bila kuisokota. Itandaze juu ya shuka mezani ukiinyoosha pembe zake, na uiache ikauke hapohapo. Ukiitundika kambani ikiwa na maji itakauka imepinda, na wanga utaushikilia upindaji huo kwa uaminifu mkubwa.

Njia hii ina mipaka. Polista hainywi wanga kama pamba, kwa hiyo usitegemee ugumu wa kola ya shati. Kwenye rangi za giza unga mweupe unaweza kubaki. Kitambaa chenye shanga au rangi inayochuja hakichovywi. Kila mara jaribu kipande cha pembeni kwanza, kausha, piga pasi, osha, tazama. Na msimu wa mvua, kukauka kunakula siku ambayo fundi hana. Wanaopendelea karatasi wanaitaja sababu hii ya mwisho, na wana haki.

Sindano namba 14 haina rafiki hapa

Pakiti nyingi za sindano katika masoko yetu ni namba 14 na 16, kwa sababu hizo ndizo za kitenge na jinzi. Kwa shifoni na oganza inahitajika namba 9, iliyoandikwa 9/65, au ikikosekana kabisa namba 11, yaani 11/75. Habari njema ni kwamba cherehani nyeusi za miguu na za mkono, za Singer na za Butterfly, nyingi hutumia sindano ya nyumbani ya kawaida, ile yenye ubavu mmoja bapa, inayoandikwa HAx1 au 15x1 au 130/705 H. Fundi hahitaji mashine mpya. Anahitaji pakiti nyingine tu.

Sindano nene inapoingia kwenye shifoni haipiti kati ya nyuzi, bali inagonga uzi na kuuvuta. Ishara yake ni mstari mwembamba unaokimbia kutoka kwenye tundu la mshono kwenda kando, sawa na uzi uliochomoka kwenye soksi. Ishara nyingine ni ya sikio: sindano butu hutoa sauti ya kugonga, tap, tap, kila inapotoboa. Ukiisikia, simama. Kushona haraka zaidi hakutibu.

Sindano mpya iwekwe mwanzo wa kila gauni la kitambaa chepesi. Ukiipitisha ncha yake juu ya kipande cha shifoni na ikakwama hata kidogo, haifai, hata kama imetoka kwenye pakiti sasa hivi.

Hapa mafundi wa Bunia wana bahati ambayo wengi wao wanaidharau. Cherehani ya zamani inayoshona mstari ulionyooka tu ina bamba la chini lenye tundu dogo la duara, linalotosha sindano na basi. Cherehani mpya ya umeme inayoshona zigizaga ina tundu pana, kwa kuwa sindano yake inatembea kushoto na kulia, na shifoni husukumwa ndani ya tundu hilo, ikatafunwa na meno ya chini. Nimesikia vijana wakisema hawawezi kushona vitambaa vya harusi kwa sababu hawana mashine ya kisasa. Kwa kazi hii hasa, ile ya bibi ni bora.

Mwenye zigizaga asikate tamaa. Abandike utepe wa gundi juu ya tundu, atoboe kwa sindano yenyewe, na ashone mstari ulionyooka tu. Au, kama mashine inaruhusu, asogeze sindano kushoto kabisa, ambapo ukingo wa tundu unaisaidia.

Kwa mashine zote mbili, mshono uwe mfupi, kati ya milimita 1.5 na 2. Legeza shinikizo la mguu wa cherehani. Usianzie ukingoni kabisa, na usishone kurudi nyuma. Acha nyuzi ndefu, uzishike kwa mkono unapoanza, uzifunge fundo mwishoni. Chini ya kitambaa weka ukanda wa karatasi nyembamba, kama ile inayofungiwa viatu vipya, ushone juu yake, kisha uichane taratibu kwa kufuata matundu. Gazeti lisitumike. Naandika haya kwenye gazeti na bado nasema lisitumike, kwa kuwa wino wake unahamia kwenye kitambaa cheupe.

Mshumaa, ubishi usiokwisha

Sasa tuje kwapani. Katika vyumba vingi vya ushonaji, oganza ikianza kufumuka ukingoni, mtu huwasha mshumaa. Ncha inapitishwa karibu na mwali, nyuzi za polista zinayeyuka na kushikana, na kufumuka kunakoma. Ni haraka, ni rahisi, na kwa maua ya oganza au fundo la mapambo ya kiti kazi hiyo ni sahihi kabisa.

Wanaotetea mshumaa husema hauhitaji mashine ya kufunga kingo, na umeme wa Bunia hauna miadi na mtu. Hilo ni kweli. Wanaoupinga husema ncha iliyoyeyuka inakuwa ngumu na yenye chembe. Kwapani inakwaruza ngozi, na inanasa shifoni ya bitana kila mkono unapoinuliwa. Hilo nalo ni kweli, na kwangu ndilo zito zaidi, kwa sababu mshono hukaa mwilini saa kumi na mbili na mapambo ya kiti hayakai mwilini kabisa.

Lakini kwenye gauni la Ijumaa mshumaa ulifanya kosa kubwa zaidi ya kukwaruza. Ili achome ncha, fundi alipunguza mshono ukabaki milimita chache tu. Oganza inashikiliwa na nyuzi zilizo kati ya mshono na ukingo. Zikiwa chache, mkono ukivutwa mbele, nyuzi zote zinateleza kuelekea nje na kuacha ule mstari wa vitundu. Mbaya zaidi, mkono ulikatwa wa kubana. Oganza hainyumbuki. Kitu fulani lazima kiachie, na kilichoachia ni mshono.

> Oganza haichaniki kwapani. Inateleza. Ndiyo maana uzi mzima unabaki na tundu linaonekana.

Kuna jaribio linalochukua dakika moja kabla ya kukata mkono wowote. Unga vipande viwili vya oganza kwa sindano na uzi utakaotumia. Shika pande mbili za mshono kwa vidole gumba vilivyokaribiana, uvute kinyume kwa nguvu ya wastani, kisha uinue mwangani. Ukiona mwanga unapenya kando ya mshono kwa mstari mpana, kitambaa hicho hakifai kwa sehemu inayobana. Ama upanue mkono, ama uweke tabaka la pili chini yake, kama wavu laini wa rangi ya ngozi, libebe mvuto badala ya oganza.

Na badala ya mshumaa kuna mshono wa Kifaransa, ambao hauhitaji umeme wala mashine ya pili. Acha sentimita 1.5 ya mshono. Weka migongo ya vitambaa ikitazamana, yaani kinyume na mazoea, ushone milimita 9 kutoka ukingoni. Punguza ukingo ubaki milimita 3. Geuza, ukunje mshono uwe pembeni kabisa, upige pasi, ushone tena milimita 6. Ncha zote zilizofumuka zimefungwa ndani, na kwa kuwa kitambaa kinapenyeka kwa mwanga, kinachoonekana kwa nje ni mstari mmoja safi. Kwenye pindo la kwapa lenye mviringo mkali mshono huu unakuwa mgumu kugeuza. Hapo mafundi wengine hushona mara mbili sambamba kwa nafasi ya milimita 3, wakakata karibu na mstari wa pili na kufunga ukingo kwa mkono. Inachukua muda, na mwenye gauni lazima aulipie.

Dantele: usikate kitanzi

Kosa la tatu halikutokea kwenye ushonaji. Gauni lilitundikwa usiku kwenye msumari ukutani, na msumari ukakamata wavu begani. Uzi mmoja ukachomoka, ukavuta jirani zake, na maua yakasogeleana.

Jambo la kwanza ambalo mkono unataka kufanya ni kuchukua mkasi na kukata kitanzi hicho ili kisionekane. Ndilo kosa lisilorudishika. Uzi ule bado ni mzima, na ukikatwa wavu unabaki na tundu.

Mama fundi alifanya sahihi, na ilifaa kumtazama. Alitandaza bega juu ya taulo jeupe. Kwa ncha ya sindano nyembamba alianza mbali na kitanzi, pale wavu ulipobana, akauvuta uzi kidogo kidogo kuurudisha ulikotoka, tundu moja baada ya jingine, kushoto kisha kulia. Kitanzi kikawa kidogo. Kilichobaki alikipitisha upande wa nyuma kwa sindano na kukishika kwa mshono mmoja wa uzi wa rangi ileile. Maua yakarudi mahali pake, si kwa ukamilifu, lakini ukisimama hatua mbili huoni.

Kama wavu ungekuwa umechanika kweli, dawa ni ua lililokatwa kwenye mabaki ya kitambaa hichohicho, likashonwa kwa mkono juu ya mpasuko. Kwa hiyo mabaki ya dantele yasitupwe wala kugawiwa watoto mpaka harusi ipite. Hata kuunga ubavu wa gauni la dantele hufanywa hivyo kwa kazi nzuri. Kipande kimoja hukatwa kwa kufuata maua, kikalala juu ya kingine, kikashonwa kwa mkono kuzunguka maua, kisha tabaka la chini likapunguzwa. Mshono unapotea ndani ya nakshi.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Meza ya mbao ifunikwe shuka la pamba. Pete, saa na bangili ziwekwe kando, kucha zipigwe tupa. Mikono yenye sugu isuguliwe kwa sukari na mafuta kidogo kisha ioshwe, njia ya zamani ya wadarizi. Bega la dantele liwekewe utepe laini ndani, kutoka shingoni hadi mkononi, ili uzito wa gauni ubebwe na utepe na si wavu. Gauni lenye shanga lisitundikwe kabisa. Lilazwe, na karatasi nyeupe ikae kati ya mikunjo.

Pasi ya makaa

Pasi ya makaa haina namba za joto. Alama za kufulia zinazowekwa kwenye nguo zinasema nukta moja ni nyuzi joto 110 mwisho, nukta mbili 150, na polista huyeyuka karibu na 250 au 260. Lakini inang'aa, inakunjamana na kusinyaa kabla ya kufika huko, na nailoni huwahi zaidi. Pasi iliyojaa makaa mekundu inaweza kupita kiwango cha kitambaa bila mtu kujua.

Makaa yawe machache, majivu yapulizwe nje mbali na meza, na pasi ipitishwe kwanza kwenye kipande cha oganza ileile. Kati ya pasi na kitambaa pawe na pamba nyembamba yenye unyevu. Cheche moja ndogo huacha tundu lenye ukingo mgumu, na tundu hilo, tofauti na kitanzi cha dantele, halina tiba ila ua la kulifunika. Pasi iinuliwe na kushushwa. Ukiiburuta juu ya shifoni unavuta mshazari upya na kuharibu kazi yote ya mezani.

Baada ya haya yote, gauni hupanda pikipiki. Kwa mji wetu hilo ndilo jambo la kawaida, na shela au shali ya shifoni inayopepea karibu na gurudumu na mnyororo ni hatari kwa mtu kabla ya kuwa hatari kwa nguo. Ikunjwe, ifungwe ndani ya kitambaa cha pamba, ivaliwe kanisani.

Nani alipe?

Rudini kwenye swali la wale watatu. Mfanyabiashara ana hoja. Hawezi kupokea kitambaa kilichokatwa, kwa kuwa hajui kimepitia mikono gani. Mteja naye ana hoja, alilipa kitambaa na ushonaji, na harusi haina marudio. Fundi ana hoja iliyo na uzito kuliko anavyojua: analipwa bei ya gauni la kitenge kwa kazi inayochukua muda mara mbili, na kitambaa huletwa mikononi mwake siku mbili kabla.

Kwa maoni yangu jukumu ligawanywe mahali ambapo kosa linaweza kuonekana. Kitambaa kikunjuliwe chote, mwangani, dukani, kabla ya kulipwa. Uzi uliochomoka au tundu likionekana hapo, ni la muuzaji. Kikifika kwa fundi kikunjuliwe tena mbele ya mteja, na kasoro yoyote izungushiwe uzi wa rangi. Kuanzia hapo, kilichotokea mezani, kwenye sindano, kwenye msumari au kwenye pasi ni cha fundi, naye apewe muda na bei inayomwezesha kulibeba jukumu hilo. Karatasi moja yenye tarehe na sahihi mbili inatosha.

Vituo vinavyofundisha kukata na kushona hapa mjini, vingi vya makanisa na mashirika, huanza na kitenge na sare za shule, na ni sawa kuanzia hapo. Kabla ya kumpa msichana cheti, mpeni pia nusu mita ya oganza, sindano namba 9 na somo la mshono wa Kifaransa. Wenye maduka ya vifaa vya kushonea, leteni namba 9 na 11 kutoka Kampala. Pakiti ya sindano haijazi mfuko. Na ninyi wazazi mnaopanga harusi, mpelekeeni fundi shifoni na dantele wiki mbili kabla, pamoja na viatu atakavyovaa binti.